Sentimita Tatu za Johana

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, kila siku isipokuwa Jumapili, Johana arap Maritim alikuwa akifungua vifuniko viwili vya chuma mbele ya kituo cha mafuta kwenye njia ya Kimulot na kuteremsha fimbo ndani ya tangi. Hakuiteremsha polepole kama wapimaji wengine. Iliposalia kama shubiri moja aliiachia, ikagonga chini tok, naye akainamisha kichwa kusikiliza. Alisema tok hiyo ndiyo ilimhakikishia kwamba fimbo imefika. Kisha aliivuta, akatazama ulowevu wa mafuta uliishia namba gani, akaenda kuandika katika daftari kwa maandishi mazuri kuliko yangu, ingawa yeye aliachia shule darasa la tatu.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu mwaka wa sabini na nane. Kabla ya hapo alichuma chai kwa miaka minne, akawa utingo wa lori kwa mwaka mmoja, akachukia vyote viwili. Tangi alilipenda. Nyumbani kwake Merigi alijulikana kama mtu ambaye mafuta yake hayapungui, na kwa sababu hiyo kanisa lilimkabidhi ufunguo wa sanduku la sadaka. Mtu asiyepoteza lita, watu walisema, hawezi kupoteza shilingi.

Mimi nilimjua Agosti ya mwaka tisini na sita, wiki ambayo lita mia nne sitini na moja zilitoweka mikononi mwake kwa siku moja.

Naitwa Jerusa. Wakati huo nilikuwa karani wa ukaguzi katika ofisi ndogo mjini Kericho, ghorofani, juu ya duka la mbolea. Baba yangu alitoka kando ya ziwa akaja kufanya kazi kiwandani, mimi nikazaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, kwa hiyo Kikipsigis nakisikia vya kutosha kujua ninaposengenywa. Nina kasoro moja ambayo bosi wangu aliiita ugonjwa: nikiona hesabu isiyokubali, silali. Kasoro ya pili ni mdomo, lakini hiyo tuiache.

Mwenye kituo, Mathew Kiptum, alitupigia simu Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilikuwa kwake, viatu vimejaa tope. Alikuwa mtu mkubwa wa sauti ndogo, mkulima wa chai aliyejenga kituo kwa bonasi za miaka mingi, na siku hiyo alikuwa na hasira ya mtu aliyesalitiwa. Alinieleza kwamba Jumatano jioni alirudi kutoka Nakuru na fimbo mpya ya kupimia, ya aluminiamu, namba zake zikiwa wazi, kwa sababu ile ya zamani ya mbao ilikuwa imefifia. Alhamisi Johana akapima kwa fimbo mpya kwa mara ya kwanza, na mafuta yakapungua. Kwa hiyo Mathew alikuwa na hukumu tayari. Kwa miaka yote, alisema, Johana alikuwa akiiba kidogo kidogo na kusoma uongo kwenye fimbo ambayo hakuna mwingine aliyejisumbua kuisoma.

"Fimbo mpya imeshika mwizi," aliniambia. "Wewe nitafutie tu ameiba ngapi. Jumatatu jioni naita polisi."

Nilimuuliza Johana yuko wapi. Akanionyesha kwa kidevu. Mzee alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda kando ya pampu, ndani ya koti refu la mvua, mikono juu ya magoti. Alikuwa amenyang'anywa ufunguo wa vifuniko lakini alikuja kazini vilevile. Nilimsalimu, akaitikia kwa adabu, kisha akaniomba jambo moja tu: nikipata jibu, lolote lile, nimwambie yeye kwanza kabla ya watu wa kanisa kusikia. Nikamwahidi. Binti yake Nelvine alikuwa chuo cha ualimu, na karo ilitokana na maziwa ya ng'ombe mmoja na mshahara huu. Hakuitaja karo. Chepkirui, mwenye kibanda cha chai pale kituoni, ndiye aliyenieleza, pamoja na mengine mengi ambayo sikuuliza.

Nikaanza na daftari. Hesabu ya kituo cha mafuta ni rahisi mpaka inaudhi. Unachukua kilichokuwa tangini asubuhi, unaongeza kilicholetwa na lori, unatoa kilichopita kwenye mita za pampu. Jibu ndilo linalopaswa kuwa tangini kesho yake. Unateremsha fimbo, unasoma sentimita, unatafuta sentimita hizo kwenye chati ya tangi ili upate lita, halafu unalinganisha.

Jumatano asubuhi fimbo ya zamani ilisoma sentimita 108 za dizeli, ambazo kwenye chati ni lita 7,788. Siku hiyo lori halikuja. Mita zilionyesha lita 899 zimeuzwa. Zilipaswa kubaki 6,889. Alhamisi asubuhi fimbo mpya ikasoma 95, na chati ikasema 6,619. Zimepungua 270. Upande wa petroli, tangi dogo, zilikuwa zimepungua 191.

Kwa kuwa lori halikuja kati ya vipimo hivyo viwili, dereva wa lori sikuweza kumsingizia chochote. Zilibaki pampu, tangi, fimbo na mtu. Nikaanza na pampu. Nilitoa debe la kipimo la lita ishirini, tukalijaza mara tatu kutoka kila pampu, tukatazama mstari wa shingoni. Kama pampu ingekuwa inawamwagia wateja zaidi ya inachohesabu, mafuta yangekuwa yanaondoka bila kuonekana kwenye mita. Pampu zote zilikuwa sawa. Yale ya majaribio tuliyarudisha tangini, nikayaandika pembeni yasihesabiwe kuwa yameuzwa.

Halafu fimbo mpya. Mimi huwa siamini kitu kwa sababu tu kinang'aa, na nilitamani sana kosa liwe la fimbo, maana uso wa yule mzee ulikuwa umeanza kunikaa moyoni. Nilitoa futi yangu ya fundi cherehani, nikaipima fimbo kutoka chini mpaka juu. Kila namba ilikuwa mahali pake. Fimbo ya Nakuru haikuwa na dhambi, na hiyo ilikuwa habari mbaya kwa Johana. Mathew alinitazama nikiikunja futi.

Likabaki tangi. Kituo hufungwa Jumapili kwa sababu Mathew ni mtu wa kanisa, na hiyo ilikuwa bahati yangu. Jumamosi jioni, pampu zilipofungwa, nilipima matangi yote mawili mbele ya Mathew na Johana, tukapaka ncha ya fimbo ile dawa inayobadilika rangi ikigusa maji. Rangi haikubadilika, hakukuwa na maji. Tulifunga vifuniko kwa kufuli, nikaondoka na ufunguo na madaftari, nikarudi Kericho. Kama tangi lilikuwa linavuja, Jumatatu asubuhi tungelikuta limeshuka bila hata lita moja kuuzwa.

Jumapili baada ya ibada nilikaa mezani kwangu na madaftari ya miaka mitatu na nusu. Mume wangu aliuliza kama ninajua kwamba ni Jumapili. Nikamwambia ninajua.

Hapo ndipo nilipoona mambo mawili ya ajabu. La kwanza, daftari la dizeli lilikuwa linapumua. Kila lori lilipoleta mzigo, tangi lilizidi kwa lita kama hamsini. Kisha, kadiri mafuta yalivyouzwa, zile hamsini zilipotea tena, lita nne leo, saba kesho, mpaka lori lingine lije. Mwizi hafanyi hivyo. Mwizi anachukua, harudishi kila akiona lori. Na madereva wa lori niwajuao mimi hawampi mtu lita hamsini za bure, hata kama ni mjomba wao.

La pili lilinijia nilipochoka na lita, nikaamua kuzigeuza kuwa sentimita. Dizeli iliyopotea, lita 270, ni tofauti kati ya sentimita 98 na 95. Petroli iliyopotea, lita 191, ni tofauti kati ya 77 na 74. Matangi mawili tofauti, moja pana na moja jembamba, mafuta mawili tofauti, lakini yote mawili yameshuka sentimita tatu kamili. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Mwizi gani huyu anayeiba kwa rula?

Basi nikatafuta kinyume chake. Kama kuna siku tatu zilitoka, huenda kuna siku tatu ziliingia. Nilifungua kurasa kwa kurudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, na nilipofika Mei ya mwaka tisini na tatu nilikuta kalamu nyekundu. Siku moja tu, bila lori, dizeli ilikuwa imezidi lita 213 na petroli lita 153. Matangi siku hiyo yalikuwa karibu matupu, na tangi la mviringo lililolazwa ni jembamba kule chini, ndiyo maana lita zilikuwa chache. Lakini nilipozigeuza kwenye chati, zilikuwa sentimita tatu. Na tatu. Pembeni, kwa yale maandishi mazuri, Johana alikuwa ameandika: Bwana asifiwe.

Sijui wengine hufurahia nini maishani. Mimi nilifurahi mpaka nikamwamsha mume wangu kwenye kochi.

Jumatatu saa kumi na mbili nilikuwa Kimulot. Tulipima. Matangi yote mawili yalikuwa palepale tulipoyaacha, hata nusu sentimita haikushuka. Hayavuji. Mathew alivuta pumzi na kusema basi kimebaki kitu kimoja, akimaanisha mtu. Nikamwambia kuna kitu kimoja kabla ya mtu, kisha nikauliza fimbo ya zamani iko wapi.

Hakuna aliyekuwa ameifikiria. Mathew alisema labda ilitupwa. Johana, kutoka kwenye kreti yake, alinyoosha mkono kuelekea kibanda cha chai. Fimbo iliyopima mafuta ya Kimulot kwa miaka kumi na minane ilikuwa imeegemeza kifuniko cha dirisha la Chepkirui. Siku tatu nzima nilikuwa nimekunywa chai chini yake. Siku moja kati ya hizo sikuwepo, lakini aibu niliihesabu yote.

Chepkirui alilalamika kwamba nitamwangushia dirisha. Nilimpa mwiko wake mwenyewe alishikilie nao. Nikaisimamisha fimbo ya mbao juu ya saruji, kando yake nikasimamisha ya aluminiamu, nikamwita Mathew asome. Hamsini ya fimbo ya zamani ilikuwa imesimama sambamba na arobaini na saba ya fimbo mpya. Mia sambamba na tisini na saba. Alipanda juu na kushuka chini kwa kidole mara mbili.

"Hii imekatwa," alisema.

Nikaigeuza. Mwisho wa chini ulikuwa umesawazishwa kwa panga, na alama ya tano ilikuwa sentimita mbili tu kutoka mwisho. Kama kulikuwa na tano, zingine tatu zilikuwa wapi? Nilimkumbuka mzee na ahadi yangu. Nikamwacha Mathew pale akiwa ameshika fimbo zote mbili, nikaenda kuchuchumaa mbele ya ile kreti.

Johana hakuficha lolote, kwa sababu hakujua kuna la kuficha. Alinieleza kwamba fimbo ile ilikuwa na kiatu cha shaba kule mwisho. Siku moja ya Mei aliiachia kama kawaida, tok ikasikika vibaya, na alipoivuta kiatu kilikuwa kimebaki chini ya tangi pamoja na kipande cha mbao kilichokuwa ndani yake. Akasawazisha mbao kwa panga isije ikachanika, akaendelea na kazi. Kesho yake mafuta yakazidi.

"Na hukumwambia mwenyewe?" niliuliza.

"Nimwambie nini, mama? Fimbo ni ile ile. Kiatu si ya kuhesabu, ni ya kulinda tu." Alinitazama kwa udadisi mkubwa, kama mtu anayesubiri kufundishwa. "Wewe ukivua kiatu, unakuwa mfupi?"

"Kidogo, mzee," nikamwambia. "Kama kiatu iko na kisigino, ndiyo."

Nikamweleza polepole kwamba namba za fimbo zilianzia chini ya kiatu, siyo juu yake. Kiatu kilipotoka, fimbo nzima ilishuka sentimita tatu, na mafuta yaleyale yakaonekana yamepanda. Tangu siku hiyo kila alichokiandika kilikuwa kimezidi kwa sentimita tatu, na kwa kuwa leo tatu na kesho tatu, mahesabu yakaendelea kukubaliana, isipokuwa pale tangi lilipojaa au kupungua, ambapo tatu za juu na tatu za chini si lita sawa. Ile ndiyo ilikuwa pumzi niliyoiona kwenye daftari. Halafu fimbo mpya ikaja na miguu yake kamili, na tatu zikaanguka zote kwa asubuhi moja. Hakuna lita iliyopotea wiki ile. Zilizopotea hazikuwahi kuwepo.

Nilidhani angeruka kwa furaha. Nilikuwa nimemletea zawadi, na nilitaka kuona akiifungua. Badala yake uso wake ulishuka.

"Kwa hivyo ile ya tisini na tatu," alisema, "haikuzidi."

"Haikuzidi, mzee. Wewe si mwizi. Hiyo ndiyo maana yake."

"Nimesikia," alisema. Akainuka, akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akaondoka kuelekea barabara ya Merigi bila kumuaga mtu.

Nilirudi kwa Mathew nikiwa nimechanganyikiwa, nikamweleza yote. Alisikiliza, akapima tena fimbo kwa futi yangu, akapiga hesabu mwenyewe kwenye kiganja. Alipoelewa, aliketi juu ya ile kreti ya mzee, nayo ikalia. Polisi walikuwa hawajaitwa, Mungu ni mwema, lakini neno mwizi lilikuwa limeshafika kanisani tangu Jumapili, na aliyelipeleka ni yeye. Nilimwambia wazi kwamba angepaswa kusubiri jibu langu kabla ya kufungua mdomo. Mdomo wangu, kama nilivyosema, ni kasoro.

Nikamuuliza kwa nini mzee ameondoka vile. Chepkirui ndiye aliyejibu, mwiko ungali mkononi. Krismasi ya mwaka ule wa tisini na tatu, mbele ya kanisa zima, Mathew alimpa Johana mtamba. Alisema mafuta ya kituo chake yamezidi kwa sababu ya uaminifu wa mtu mmoja, na kile kilichozidi amekinunulia ng'ombe. Watu waliimba. Johana akamwita ng'ombe huyo Dizeli. Ndiye aliyekuwa akimsomesha Nelvine.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimemwondolea mzee wizi asubuhi ile, na kwa hesabu ileile nikamwondolea siku nzuri kuliko zote maishani mwake. Niliona haya, ingawa hesabu ilikuwa sahihi, na bado inaniudhi kwamba vitu viwili hivyo vinaweza kukaa pamoja.

Ningeweza kupanda gari nirudi Kericho. Nilisema nasubiri kukamilisha ripoti, jambo ambalo lilikuwa uongo, ripoti ilikuwa kurasa mbili. Saa tisa hivi, ukungu ulipoanza kushuka kwenye chai, tulimwona akija. Alikuwa amevaa koti lilelile, kamba mkononi, na nyuma ya kamba alikuja ng'ombe mwekundu mwenye kiwele kizito, na ndama wake akimfuata. Alipita katikati ya pampu mbili kama gari linalotaka mafuta, akasimama mbele ya mwenye kituo, akanyoosha kamba.

"Ulisema hii ni ya ile mafuta ilizidi," alimwambia. "Hakuna kitu ilizidi. Chukua yako. Ndama pia."

Mathew hakuipokea. Aliitazama kamba, akamtazama ng'ombe, na nikaona akitafuta la kusema kama mtu anayetafuta ufunguo katika mifuko yote. Mwishowe aliingiza mkono kweli katika mfuko wa suruali, akatoa ule wa vifuniko vya matangi niliomrudishia asubuhi. Aliuweka katika kiganja cha mzee kilichoshika kamba, akakifunga kwa mikono yake miwili.

"Nilisema ni ya uaminifu," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Lita ndiyo haikuwa. Rudisha ng'ombe nyumbani, arap Maritim, na Jumapili mimi nitasimama kanisani niseme hii maneno yote, mbele ya wale wale."

Dizeli alinusa pampu ya petroli. Kisha Johana alimpa Chepkirui kamba amshikie, akaingia ofisini, akafungua daftari ukurasa wa Alhamisi. Nilimfuata, kwa udadisi tu, sijui kutulia mahali. Alichukua kalamu nyekundu, na mbele ya zile lita zilizopungua, kwa maandishi yake mazuri, akaandika kwamba kiatu cha fimbo kilitoka Mei 1993, na yeye Johana hakusema kwa sababu hakujua. Akaweka tarehe. Akafikiri, na chini yake akaongeza: Bwana asifiwe.

Kisha, kwa kuwa ufunguo ulikuwa mkononi, alitoka akafungua kifuniko cha dizeli ingawa haikuwa saa yake. Aliiteremsha fimbo ya Nakuru kwa mikono miwili, sentimita baada ya sentimita, mpaka mwisho kabisa. Niliinamisha kichwa nisikilize, na sikusikia kitu.